Bango la Tamthilia ya Mwaka 1905: Kutambua Herufi Inapokosea na Kuirekebisha

Makosa yanayojadiliwa hapa si mengi, lakini hujirudia kila mara kikundi cha tamthilia kinapotaka bango la mchezo unaohusu mwanzo wa karne ya 20. Lawama zinazorudishwa kwa mtengeneza bango nazo ni zilezile. Mmoja husema bango linafanana na lango la hoteli ya watalii, mwingine husema linamkumbusha filamu za Hitla, na wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye haki kuliko wote, husema kwamba limejaa uzee lakini halionyeshi ni uzee wa wapi.

Ili tusizungumze hewani, nitafuata bango moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tamthilia yake inatokea Umatumbi mwaka 1905, katika mwezi wa Julai ambapo watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kwa ajili ya mwongozo huu nitaiita *Shamba la Jumbe*, kwa sababu mashamba yale ya lazima yalilimwa chini ya usimamizi wa majumbe na maakida. Bango ni la ukubwa wa A2, yaani milimita 420 kwa 594, na litabandikwa ukutani kando ya barabara.

Kabla ya kuingia katika dalili, kuna jambo moja ambalo hurahisisha uchunguzi wote. Kila fonti ina tarehe mbili. Ya kwanza ni mwaka ambao umbo la herufi lilichongwa na kuanza kuuzwa kwa wapiga chapa. Ya pili ni wakati ambao macho ya watu wa leo yaliizoea, na mahali walipoizoea. Fonti inaweza kuwa na tarehe ya kwanza iliyo sahihi kabisa ilhali ya pili ikaliharibu bango, na inaweza pia kukosea zote mbili. Kwa hiyo, katika kila dalili nitauliza maswali mawili: mwaka 1905 nani angelichapa tangazo hili, na kwa herufi zipi alizokuwa nazo mkononi, kisha, mpita njia wa leo amezoea kuziona wapi herufi hizo?

## Dalili ya kwanza: bango linafanana na duka la vinyago

Sababu inayoongoza kwa mbali ni fonti iitwayo Neuland, au mojawapo ya nyingi zilizoigwa kutoka kwake. Ni herufi kubwa tupu, nene, zisizo na serifi, yaani vile vijimkia vya kwenye ncha za mistari ya herufi, zenye kingo zinazoonekana kama zilichongwa kwa shoka katika gogo. Ukiiona kwenye menyu ya fonti karibu na jina lenye neno "Africa" au "Safari", ujue umefika penye tatizo. Rudolf Koch aliichonga moja kwa moja katika chuma, bila kuichora kwanza, na kiwanda cha Klingspor cha Offenbach, Ujerumani, kikaanza kuiuza mwaka 1923. Hakuna chochote ndani yake kilichotoka Afrika. Ni wachapishaji na watangazaji wa nchi za Magharibi walioitumia kwenye majalada na matangazo ya mambo ya Afrika hadi jicho likaamini kwamba hayo ndiyo maandishi ya bara hili. Kwa bango letu, basi, imekosea mara mbili: ilizaliwa miaka 18 baada ya vita vyenyewe kuanza, na inawaambia watazamaji kwamba watu wa Umatumbi ni pambo la msituni.

Sababu ya pili, ambayo ni nadra kidogo, ni Lithos. Carol Twombly aliisanifu kwa ajili ya kampuni ya Adobe mwaka 1989 akitazama maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale, lakini nayo imeishia kwenye vibao vya mbuga za wanyama. Ya tatu ni Papyrus, ya mwaka 1982, ambayo hudai ukale wa Misri na huonekana kwenye chupa za mafuta ya kupaka.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji ujuzi wowote. Funika picha yote ya bango, ubakize jina la tamthilia peke yake, kisha mwonyeshe mtu ambaye hajasikia habari za mchezo na umuulize kinachotangazwa ni nini. Akijibu "utalii" au "katuni ya simba", usijaribu kuiokoa fonti hiyo kwa kubadilisha rangi au kuipunguza unene. Iondoe. Hapa hakuna marekebisho ya kati, kwa sababu kosa halimo katika matumizi bali katika tarehe ya pili ya fonti yenyewe.

Marekebisho ya ndani zaidi ni kujiuliza ni nini hasa kilichokuvuta kuelekea Neuland. Mara nyingi mtengeneza bango alitaka uzito na ukali, na hayo ni matakwa halali kabisa kwa mchezo kuhusu kazi ya kulazimishwa. Uzito huo ulikuwepo mwaka 1905 bila uongo wowote, katika herufi nene zisizo na serifi zilizotumiwa kwa matangazo na tiketi. Kiwanda cha Berthold cha Berlin kilianza kuuza Akzidenz-Grotesk mwaka 1898, na jina lake lenyewe linahusu kazi ndogondogo za uchapaji za aina hiyo. Kule Marekani, Morris Fuller Benton alisanifu Alternate Gothic mwaka 1903. Ya kwanza huuzwa kwa leseni. Ya pili ina mrithi wa bure aitwaye League Gothic. Mimi kwa *Shamba la Jumbe* nilichagua League Gothic kwa ajili ya jina la mchezo. Nakiri kwamba asili yake si ya Kijerumani, lakini umbo la namna hiyo, jembamba, refu na lisilo na mapambo, ni umbo la amri iliyobandikwa ukutani, na watazamaji hawajaifungamanisha na nchi wala tukio lolote.

## Dalili ya pili: bango linafanana na filamu ya Wanazi au kibandiko cha bia

Hapa pana mambo mengi, kwa sababu kosa hufanywa na watu waliosoma historia, si na wale walioipuuza. Wanasema: nchi ilikuwa koloni la Wajerumani, Wajerumani waliandika kwa Fraktur, yaani zile herufi nyeusi zilizovunjikavunjika, kwa hiyo jina la tamthilia liwe kwa Fraktur. Hatua mbili za mwanzo ni za kweli. Ya tatu haifuati.

Sababu ya kawaida zaidi ya kosa hili ni kutojua kwamba Fraktur ilikuwa ya lugha ya Kijerumani. Wapiga chapa wa Kijerumani wa wakati ule walikuwa na desturi ya kubadilisha herufi walipofikia neno la lugha ya kigeni: sentensi ya Kijerumani ilikwenda kwa Fraktur, na neno la Kifaransa au la Kilatini ndani yake likawekwa kwa herufi za Kirumi. Kiswahili nacho kilichapwa kwa herufi za Kirumi. Gazeti la *Kiongozi*, lililotolewa Tanga katika shule ya serikali ya Kijerumani kuanzia mwaka 1904, lilikuwa la Kiswahili na la herufi za Kirumi. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wametangulia njia hiyohiyo. *Msimulizi* lilichapwa Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888. Kwa hiyo, maneno "Shamba la Jumbe" yakiwekwa kwa Fraktur yanakuwa kitu ambacho mpiga chapa wa Tanga wa mwaka 1905 asingekifanya.

Sababu ya pili ni ile tarehe ya pili. Fraktur ni ya kale sana kuliko Hitla, na utawala wake wenyewe uliipiga marufuku katika matumizi rasmi kwa waraka uliosainiwa na Martin Bormann tarehe 3 Januari 1941. Hata hivyo, miongo mingi ya filamu imeifunga kwenye sare zile, na mtazamaji hatakuja ukumbini akiwa na historia ya uchapaji kichwani. Ataona Vita Kuu ya Pili, wakati mchezo unahusu pamba.

Sababu ya tatu ni ya ufundi: Fraktur iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za Fraktur ziliundwa ili kila moja iongoze neno, zikifuatwa na herufi ndogo. Ukizipanga zote pamoja, SHAMBA inageuka kuwa safu ya mafundo ambayo hata Mjerumani haisomi. Herufi ndogo nazo zina mtego wake, hasa kwa Kiswahili ambacho kimejaa k, kwa maana k ya Fraktur humdanganya msomaji asiyeizoea akadhani ni t au f.

Uchunguzi rahisi ni kuwapa watu watatu walioishia kidato cha nne bango hilo kwa sekunde tano, kisha kuwaomba waandike jina walilolisoma. Katika jaribio la namna hii niliwahi kuandikiwa maneno matatu tofauti, na hakuna lililokuwa jina la mchezo.

Marekebisho si lazima yawe kuitupa Fraktur kabisa. Mahali pake halali ni pale Kijerumani kinapozungumza. Katika bango letu niliruhusu mstari mmoja mdogo, chini ya jina, unaotaja nchi kama utawala ulivyoiita, na hapo Fraktur inafanya kazi ya sauti ya dola dhidi ya Kiswahili kilicho juu yake. Fonti ya bure ya UnifrakturMaguntia inatosha. Lakini ukiitumia, iandike kama ilivyoandikwa: s ya Fraktur ina maumbo mawili, lile refu la mwanzo au katikati ya silabi na lile la duara la mwisho. Maneno hayo yanatakiwa kusomeka hivi:

```
Deutſch-Oſtafrika
```

Herufi ndefu hiyo ni U+017F. Ukiacha s ya kawaida katika nafasi hizo mbili, Mjerumani yeyote anayezijua herufi hizo atatambua mara moja kwamba bango limevaa nguo ya kuazima.

Simama hapa na umwite mjuzi iwapo unataka kuweka zaidi ya maneno mawili matatu ya Kijerumani, kwa mfano kipande cha tangazo la serikali. Kanuni za s, pamoja na herufi zilizounganishwa kama ch na tz, zina mambo ambayo kamusi haitakuonyesha. Mtafute msomaji wa nyaraka za Kijerumani za kipindi hicho aupitie mstari wako kabla haujaenda kiwandani.

## Dalili ya tatu: bango linacheza jazi

Herufi ni nyembamba na za kifahari, zina duara kamili na mistari ya dhahabu, na mtu anategemea kuona glasi za mvinyo. Sababu karibu kila mara ni moja: mtengeneza bango ameusoma "mwanzo wa karne ya 20" kuwa kipindi kimoja. Broadway ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920, na Futura ya Paul Renner ilitoka mwaka 1927. Kati ya mwaka 1905 na 1927 kuna Vita Kuu ya Kwanza nzima, na koloni lenyewe limekwisha kubadilisha mtawala. Tafuta mwaka wa fonti kabla ya kuipenda. Hilo pekee huondoa makosa mengi ya aina hii.

Sababu iliyojificha zaidi inawapata walioangalia mwaka na bado wakakosea. Arnold Böcklin, fonti yenye mikunjo kama ya mashina ya maua, ilitolewa na kiwanda cha Otto Weisert cha Stuttgart mwaka 1904. Kwa tarehe ya kwanza hakuna inayolikaribia zaidi bango letu. Lakini ilifufuliwa katika miaka ya 1960 na 1970, ikajaa kwenye majalada ya sahani za santuri, na sasa jicho likiiona linasikia magitaa. Zaidi ya hayo, maua yale yalikuwa lugha ya maduka na majarida ya mijini Ulaya. Mchezo wa mkulima wa Umatumbi hauna sababu ya kutangazwa kwa sauti hiyo, isipokuwa kama mwandishi amemweka jukwaani mke wa afisa akisoma jarida lake.

## Dalili ya nne: uchakavu unaojirudia

Bango limechapwa kwa fonti iliyochubuliwa makusudi ili ionekane imepita katika mtambo mbovu, lakini kuna kitu kinachomkera mtazamaji bila yeye kujua ni nini. Tazama herufi A. Katika SHAMBA LA JUMBE zimo A tatu, M mbili na B mbili. Ikiwa A zote tatu zina kovu moja mahali pamoja, hilo ndilo tatizo. Katika uchapaji wa herufi za risasi kila A ilikuwa kipande chake cha chuma, chenye majeraha yake mwenyewe, kwa hiyo makovu mapacha hayangetokea. Kiswahili huumbua fonti za namna hii haraka, kwa sababu irabu zake, na a kuliko zote, hujirudia mno. Ukiandika MAJI MAJI unaona kovu lilelile likienda kama muhuri.

Anza na njia nyepesi: baadhi ya fonti hizi zina michoro miwili au mitatu ya kila herufi, na unaweza kubadilisha A ya pili na ya tatu kupitia dirisha liitwalo Glyphs. Kama hazina, usijaribu kuzifuta kasoro moja moja kwenye kompyuta, kwani matokeo huwa na usafi usio wa kweli. Njia ninayoiamini ni kuchukua fonti safi, kuchapa jina kwenye karatasi kwa ukubwa wa sentimita 3 au 4, kulipitisha kwenye mashine ya fotokopi mara mbili tatu, kisha kuliskani kwa nukta 1200 kwa inchi na kulikuza. Wino wa mashine hufa na kuvimba mahali tofauti katika kila herufi, na hivyo kila A inapata jeraha lake.

Jiulize pia kama uchakavu unahitajika. Mwaka 1905 tangazo jipya lilikuwa jipya. Lilitoka kiwandani likiwa na wino mweusi na kingo kali, na watu wa siku ile hawakuliona likiwa limechakaa. Katika *Shamba la Jumbe* niliacha herufi ziwe safi, kwa kuwa agizo la kulima pamba liliwafikia watu likiwa agizo la leo, na nilitaka mpita njia alipokee vivyo hivyo.

## Dalili ya tano: herufi za Kiarabu zimevunjika, au za Kirumi zimevishwa kilemba

Kuna bango lisilo na herufi hata moja ya Kiarabu, ila maneno ya Kiswahili yameandikwa kwa herufi za Kirumi zilizokunjwa na kutiwa nukta ili zifanane nazo. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakijua kwamba Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwamba maliwali na maakida wa wakati ule waliandikiana barua kwa hati hiyo. Basi, kama hati hiyo inastahili kuwa kwenye bango, iwekwe yenyewe. Kivuli chake hakisomwi na anayejua Kiarabu, na humwambia asiyejua kwamba pwani ni mahali pa kigeni katika nchi yake mwenyewe.

Upande wa pili ni bango la mtu aliyeweka hati halisi, lakini imetoka kila herufi peke yake, na pengine neno linakwenda kutoka kushoto. Sababu ya kawaida ni programu, si fonti. Nakili neno lilelile ulibandike katika programu nyingine, Inkscape. Likiungana vizuri humo, rudi katika programu yako ubadilishe mpangilio. Kwa InDesign, chagua `Adobe World-Ready Paragraph Composer` katika menyu ya dirisha la Paragraph. Likiendelea kutengana hata ndani ya Inkscape, fonti ndiyo haina maumbo ya kuunganishia. Amiri ni fonti ya bure inayotosha kwa mstari mdogo, na ina umri unaofaa: imefufua herufi za kiwanda cha Bulaq cha Kairo za mwanzo wa karne ya 20. Hakikisha pia sauti za p, v, ch na g zimepata herufi zake, kwa sababu hazimo katika alfabeti ya Kiarabu cha kawaida na Kiswahili hakiwezi kukaa bila hizo.

Mimi hata hivyo napendelea hati ya mkono. Barua za pwani za mwaka 1905 ziliandikwa kwa kalamu, na fonti yoyote, hata iliyo nzuri, inazipa sura ya kitabu kilichochapwa Misri.

Simama hapa kama wewe mwenyewe huisomi hati hiyo. Usichukue neno kutoka kwenye mtambo wa kutafsiri, wala usimwombe tu mtu anayejua Kiarabu, kwani anaweza kukuandikia tafsiri ya jina badala ya Kiswahili chake. Mtafute mwalimu au mwandishi wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, umlipe kama unavyomlipa mchoraji, na umwonyeshe bango la mwisho kabla ya kuchapa, maana neno sahihi huweza kugeuzwa au kukatwa wakati wa kulipanga.

## Dalili ya sita: fonti ni sahihi, lakini bango halina umri

Huu ndio ugonjwa mgumu. Mwaka ni sahihi, sauti ni sahihi, na bado bango linaonekana limetengenezwa juzi. Hapa fonti haina hatia. Tatizo limo katika jinsi ilivyopangwa.

Angalia kwanza kama herufi zimenyoshwa. Mpiga chapa wa risasi hakuweza kuvuta herufi ili ijaze mstari. Alichukua kasha jingine lenye herufi nyembamba au pana zaidi. Itazame E kwa makini: katika fonti zisizo na serifi, nguzo ya wima huwa sawa na mikono yake mitatu ya mlalo au kuizidi kidogo. Nguzo ikiwa nyembamba kuliko mikono, herufi imebanwa kwa kompyuta, na umri wote umetoroka. Irudishe kwenye asilimia 100, kisha uongeze ukubwa wa mstari mzima au uchague fonti nyembamba iliyozaliwa hivyo.

Pili, hesabu familia za fonti. Mimi huishia mbili, na ya tatu huikubali pale tu lugha inapobadilika. Katika bango letu, League Gothic ilibeba jina, na Old Standard TT, inayofuata mtindo wa herufi za vitabu na magazeti ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile iliyofuata, ikabeba majina ya waigizaji, tarehe na ukumbi. Fraktur ilipata mstari wake mmoja. Tofauti kati ya mistari ililetwa na ukubwa, si na fonti nyingine, na kila mstari ulikaa katikati ya ukurasa huku mstari mwembamba mweusi ukitenga jina na taarifa.

Tatu, tazama nafasi kati ya herufi kubwa. Neno LA ni mtego mdogo ambao Kiswahili hutuwekea kila siku. Upande wa kulia wa L uko wazi, A nayo inaegemea mbali nayo, na kati yao panabaki shimo linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipunguza nafasi hiyo kwa sehemu 50 katika 1000 za ukubwa wa fonti, kisha nikaongeza 15 kati ya herufi za SHAMBA na JUMBE ili zisionekane zimesukumana kuliko LA. Namba hizi si sheria. Geuza bango juu chini, utazame weupe badala ya weusi, na shimo litajitokeza lenyewe.

Sababu ya mwisho, ambayo hugunduliwa bango likiwa limeshabandikwa, ni kutosomeka. Old Standard TT ina mistari myembamba sana ambayo hufa inapowekwa nyeupe juu ya rangi nzito, kwa sababu wino hufurika na kuimeza. Iache nyeusi juu ya karatasi nyepesi, na usiishushe chini ya pointi 18 kwenye bango la ukutani. Kwa jina, kadiria sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali ili lisomwe kwa raha. Barabara ya mita 10 inadai zaidi ya sentimita 8. Jina likigawanywa katika mistari mitatu, herufi nyembamba za League Gothic zinakifikia kimo hicho ndani ya upana wa A2, ilhali Old Standard TT isingekifikia kabla SHAMBA haijagonga kingo. Hii, pamoja na sauti yake, ndiyo iliyonifanya niiache Old Standard kwa taarifa ndogo.

## Dalili ya saba: kiwandani herufi zimebadilika

Ulipeleka faili lenye League Gothic, kikarudi kitu chenye sura ya Arial. Fonti haikupachikwa ndani ya faili. Kabla ya kutuma, likague kwa programu ya pdffonts, ukiandika hivi katika dirisha la amri la kompyuta:

```
pdffonts bango.pdf
```

Safu iitwayo `emb` inapaswa kusema `yes` kwa kila fonti. Ikisema `no`, toa faili upya ukichagua kupachika fonti zote, au zigeuze herufi za jina ziwe michoro na uhifadhi nakala nyingine ambayo maandishi yake bado yanaharirika. Kwa fonti ya kulipia kama Akzidenz-Grotesk, soma leseni kabla ya kumpa mpiga chapa faili la fonti lenyewe, kwa kuwa leseni nyingi humruhusu kupokea PDF iliyopachikwa lakini si fonti. Leseni ikikutatanisha, muulize muuzaji kwa maandishi na uhifadhi jibu lake. Kisha omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, uibandike ukutani, uvuke barabara, na uisome kutoka huko kabla ya kuidhinisha nyingine zote.